Neno la Mwisho Si Lazima Liwe Jina la Ukoo

Kupanga majina ya wanafunzi kwa alfabeti ni kazi ya siku nyingi katika shule. Hapo zamani karani au mwalimu wa taaluma aliifanya kwa kalamu na karatasi: alilisoma kila jina hadi mwisho, kisha akaliandika upya, jina la ukoo likitangulia. Siku hizi shule nyingi za sekondari huifanya kwa kompyuta, katika programu ya lahajedwali kama Excel, na orodha ya wanafunzi mia mbili hupangika kwa kufumba na kufumbua. Hata hivyo mwenye kuifanya hukutana mapema na kikwazo. Majina yamekwisha kuandikwa kamili katika safu moja. Baadhi yana maneno mawili, mengine matatu, mengine manne. Naye anahitaji neno la mwisho tu la kila jina.

Aghalabu kikwazo hicho huondolewa kwa fomula iliyonakiliwa kutoka kwa mtu mwingine, ambayo mwenye kuinakili hajui inavyofanya kazi. Matokeo yake ni kwamba fomula inapokosea, hakuna anayetambua. Yafaa wanafunzi wafundishwe kuijenga fomula hiyo hatua kwa hatua, kwa kuwa hatua zake ni chache na kila moja huonekana kwa macho. Tena yafaa waambiwe bayana jambo ambalo fomula haiwezi kuwaambia: kompyuta hutoa neno la mwisho, haitoi jina la ukoo. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na asiyeyatenganisha huharibu orodha za watu.

Kosa la kuhesabu kutoka kushoto

Chukua orodha fupi ya majina ya watu wanaofahamika katika historia ya Afrika Mashariki, yaliyoandikwa katika safu A kuanzia mstari wa pili:

```
A2  Shaaban Robert
A3  Julius Kambarage Nyerere
A4  Salim Ahmed Salim
A5  Siti binti Saad
A6  Daniel Toroitich arap Moi
A7  Mirambo
```

Wengi hufikiri kwanza kuyakata majina kila penye nafasi, ili kila neno likae katika safu yake. Programu za lahajedwali zina amri ya kufanya hivyo, na mkato wenyewe hufanyika bila kosa. Lakini tazama neno la mwisho linapoangukia. "Robert" huangukia safu ya pili, "Nyerere" safu ya tatu, "Moi" safu ya nne, na "Mirambo" hubaki katika safu ya kwanza. Majina yaliyotafutwa sasa yametawanyika katika safu nne, na mwalimu hana budi kuyakusanya tena kwa mkono.

Chanzo cha taabu hii ni kuhesabu kutoka upande usiofaa. Mtu anayesema "nipe neno la tatu" amekwisha kudhani kwamba kila jina lina maneno matatu. Idadi ya maneno ikibadilika, nambari ya neno la mwisho nayo hubadilika. Kuna jambo moja tu lisilobadilika katika majina yote yenye maneno zaidi ya moja: neno la mwisho ni lile linalofuata nafasi ya mwisho. Basi swali linalofaa si neno la ngapi, bali ni hili: nafasi ya mwisho iko wapi?

Hatua tano za kuipata nafasi ya mwisho

Lahajedwali za miaka mingi hazikuwa na amri ya kutafuta kutoka kulia. Amri ya FIND huanza kushoto na kusimama pale inapokuta kitu kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo hutumiwa njia ya mzunguko: huhesabiwa nafasi zote, kisha ile ya mwisho hutiwa alama ya pekee, halafu hutafutwa alama hiyo. Kila hatua hupewa safu yake, kama ifuatavyo:

```
B2  =TRIM(A2)
C2  =LEN(B2)-LEN(SUBSTITUTE(B2," ",""))
D2  =SUBSTITUTE(B2," ","#",C2)
E2  =FIND("#",D2)
F2  =IF(C2=0,B2,MID(B2,E2+1,LEN(B2)))
```

Fomula hizo zikiisha kuandikwa katika mstari wa pili, hunakiliwa kushuka chini kwa mistari yote. Ili kuona zinavyofanya kazi, hebu ufuatwe mstari wa tatu, wenye jina la Julius Kambarage Nyerere.

Hatua ya kwanza, TRIM, huondoa nafasi zilizozidi mwanzoni, mwishoni na katikati ya maneno. Jina hili halina nafasi zilizozidi, kwa hiyo hubaki lilivyo.

Hatua ya pili huhesabu nafasi, nayo hufanya hivyo kwa ujanja wa kutoa. LEN ya jina zima ni 24: herufi 6 za "Julius", 9 za "Kambarage", 7 za "Nyerere", na nafasi 2. SUBSTITUTE hufuta nafasi zote, na urefu unaobaki ni 22. Tofauti ya 24 na 22 ni 2, nayo ndiyo idadi ya nafasi. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kuihakiki kwa kidole.

Hatua ya tatu huitumia idadi hiyo. SUBSTITUTE hukubali nambari mwishoni, inayoiambia ibadilishe tukio la ngapi. Kwa kuwa nafasi ni 2, nafasi ya pili ndiyo ya mwisho. Hiyo peke yake hugeuzwa kuwa "#", na jina husomeka `Julius Kambarage#Nyerere`. Alama yoyote ingefaa, mradi isiwe miongoni mwa zile zinazopatikana katika majina yenyewe. Kistari au alama ya ritifaa hazifai hapa, maana majina ya watu huwa nazo.

Hatua ya nne hutafuta "#" na kuiona mahali pa 17. Hatua ya tano huanza kusoma kutoka mahali pa 18 hadi mwisho, na jibu ni "Nyerere".

Kwa jina la Daniel Toroitich arap Moi hesabu ni ileile ingawa maneno ni manne. Urefu ni 25, bila nafasi ni 22, nafasi ni 3. Nafasi ya tatu iko mahali pa 22, na kuanzia mahali pa 23 kuna "Moi". Hakuna aliyeiambia kompyuta kwamba jina hili lina maneno manne. Imeipata idadi hiyo yenyewe.

Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, ana jina la neno moja. Kwake safu C huonyesha 0, na safu D na E hutoa ujumbe wa kosa, `#VALUE!`, kwa kuwa hakuna tukio la sifuri la kubadilishwa. Ndiyo maana safu F huanza na sharti: kama nafasi ni 0, jina lote ndilo neno la mwisho. Wako wanaopendelea kuifunika fomula nzima kwa IFERROR, ili kosa lolote lisionekane. Desturi hiyo haifai kufundishwa. Sharti la C2=0 hushughulikia hali moja inayojulikana; IFERROR huficha na makosa ambayo hakuna aliyeyatarajia.

Njia ya mkato

Ipo fomula moja fupi inayofanya kazi hiyohiyo, nayo ndiyo hupatikana mara nyingi katika orodha za shule:

```
=TRIM(RIGHT(SUBSTITUTE(TRIM(A2)," ",REPT(" ",100)),100))
```

Wazo lake ni zuri. Kila nafasi moja hutanuliwa kuwa nafasi 100, hata maneno yakawa mbalimbali sana. Kisha huchukuliwa alama 100 za mwisho. Katika jina la Nyerere, alama hizo ni nafasi 93 zikifuatwa na herufi 7 za neno la mwisho. TRIM ya nje huziondoa nafasi, neno likabaki. Kwa Mirambo nayo hutoa jibu sahihi bila sharti lolote, kwa kuwa hakuna cha kutanua. Mpaka wake ni mmoja: neno la mwisho likizidi herufi 100, litakatwa. Ni nadra mno jina la mtu kufikia urefu huo, lakini anayeitumia fomula hii kwa sentensi zinazoishia na anwani ndefu ya tovuti yampasa kuikuza nambari hiyo mara zote mbili inapotokea.

Matoleo mapya ya Excel yameongezewa tangu mwaka 2022 amri ya TEXTAFTER, nayo huhesabu kutoka kulia ikipewa nambari hasi:

```
=TEXTAFTER(TRIM(A2)," ",-1)
```

Amri hii ni nyepesi, ila haimo katika matoleo ya zamani ambayo bado yamo katika kompyuta za shule nyingi, na kwa jina la neno moja hutoa `#N/A`. Kwa mwanafunzi anayejifunza, zile hatua tano zina faida kubwa kuliko njia hizi mbili. Safu C na E haziishii kuwa ngazi ya kulifikia jibu. Ni vyombo vya kupimia, kama itakavyoonekana.

Makosa yanayopiga kelele na yale yanayonyamaza

Ujumbe wa `#VALUE!` ni kosa linalopiga kelele. Mtu huliona, husimama, hurekebisha. Kosa la kuogopwa ni lile linaloandika kitu chenye sura ya jibu.

La kwanza katika hayo ni nafasi iliyobaki mwishoni mwa jina. Mchapaji akigusa kitufe cha nafasi baada ya "Nyerere", jicho halioni kitu. Bila TRIM, urefu utakuwa 25, nafasi 3, na nafasi ya mwisho itakuwa mahali pa 25, mwisho kabisa wa jina. Kompyuta itasoma kuanzia mahali pa 26, pasipo na kitu, na seli itabaki tupu. TRIM ya hatua ya kwanza haikuwekwa kwa mapambo.

La pili ni baya zaidi. Majina yakinakiliwa kutoka ukurasa wa mtandao, baadhi ya nafasi huwa za aina nyingine, ile isiyoruhusu mstari kukatika. Kwa jicho haina tofauti na nafasi ya kawaida. Kwa kompyuta ni alama nyingine, yenye nambari 160 badala ya 32, na TRIM haiigusi. Jina la Shaaban Robert likiwa na nafasi ya aina hiyo katikati, kompyuta huhesabu nafasi 0, huliona kuwa neno moja, na huandika "Shaaban Robert" lote katika safu F. Orodha ikipangwa, mwandishi huyo ataonekana chini ya S, wala hakutakuwa na ujumbe wowote wa kosa. Nafasi hiyo ikiwa mwishoni, neno la mwisho litaonekana "Robert", lakini LEN yake itakuwa 7 badala ya 6.

Hapo ndipo madhara yanapomfikia mwanafunzi. Shule inapolinganisha orodha mbili, ya darasa na ya alama za mtihani, "Robert" yenye herufi 6 na "Robert" yenye alama 7 hazilingani. Kompyuta itasema kwamba mtahiniwa huyo hayumo katika orodha ya alama, na mtoto aliyekaa katika chumba cha mtihani saa tatu ataandikiwa kwamba hakufika. Dawa ni kuigeuza nafasi hiyo kuwa ya kawaida kabla ya jambo lingine lolote:

```
B2  =TRIM(SUBSTITUTE(A2,CHAR(160)," "))
```

Na namna ya kulitambua kosa kabla halijaleta madhara ni kuitazama safu C. Orodha ipangwe kwa idadi ya nafasi. Majina yenye 0 yatakusanyika juu, na yale yenye 3 au zaidi yatakusanyika chini. Katika orodha ya wanafunzi mia mbili, makundi hayo mawili kwa kawaida huwa madogo, na mtu anaweza kuyasoma yote kwa macho. Jina ambalo jicho linaona lina maneno mawili, na safu C inasema 0, limejifichua lenyewe.

La tatu huwapata wanaotaka pia majina yaliyotangulia. Wengi hufikiri kwamba wakishapata neno la mwisho, watalifuta katika jina kamili ili kubaki na yale ya mwanzo. Jaribu hilo kwa Salim Ahmed Salim. SUBSTITUTE ikiambiwa ifute "Salim", hufuta yote mawili, na kinachobaki ni "Ahmed" peke yake. Pwani na Visiwani, ambako mtoto hupewa mara nyingi jina la babu yake, majina ya namna hii si ya nadra. Njia salama ni kutumia mahali, si neno. Safu E imekwisha kuonyesha nafasi ya mwisho iko wapi. Kwa jina hili ni mahali pa 12. Basi huchukuliwa alama 11 za kwanza:

```
G2  =IF(C2=0,"",LEFT(B2,E2-1))
```

Jibu la mstari wa nne ni "Salim Ahmed", kama inavyotakiwa.

Swali ambalo fomula haiwezi kulijibu

Tuseme sasa kwamba nafasi zote zimesafishwa na kila neno la mwisho limetoka sawasawa. Je, orodha ya majina ya ukoo imepatikana? La. Imepatikana orodha ya maneno ya mwisho.

"Saad" ni jina la baba wa Siti, yule mwimbaji wa taarabu wa Unguja. Neno "binti" linasema hivyo waziwazi. Katika "arap Moi", neno "arap" maana yake kwa Kikalenjini ni mwana wa, na kompyuta imelitenga na jina linaloliongoza. Tanzania watu wengi hutumia majina matatu, lao wenyewe, la baba na la babu, lakini wengine huweka jina la ukoo mahali pa tatu. Hakuna kitu katika herufi za jina kinachoonyesha ni desturi ipi iliyofuatwa.

Wanafunzi wa sayansi hukutana na jambo hilohilo katika vitabu vyao. Mwanafizikia Johannes Diderik van der Waals, aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 1910, atatoka katika fomula kama "Waals". Kwao Uholanzi matokeo hayo yanafaa kwa kupangia, kwa kuwa huko maneno "van der" hayahesabiwi katika alfabeti. Jirani zao Wabelgiji hupanga majina ya aina hiyo chini ya V. Naye Tu Youyou wa China, aliyepewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2015 kwa ugunduzi wa dawa ya malaria ya artemisinini, atatoka kama "Youyou". Hilo ni jina lake la kupewa. Jina la ukoo ni Tu, maana Wachina hulitanguliza. Fomula haikukosea hata kidogo. Imejibu swali iliyoulizwa.

Wako watakaosema kwamba dawa ni kuongeza masharti: neno linalotangulia likiwa "bin", "binti", "arap", "ole" au "van", lichukuliwe pamoja na la mwisho. Inawezekana, na kwa orodha ya kijiji kimoja au wilaya moja huenda ikatosha. Lakini masharti hayo hayataisha, na hakuna hata moja litakalotambua kwamba "Tu" ni ukoo wala kwamba "Ahmed" ni baba. Habari ambayo haikuandikwa haiwezi kutolewa kwa fomula.

Kwa sababu hiyo mahali pa kulitatua jambo hili ni dirisha la uandikishaji, siku mzazi anapomleta mtoto. Fomu iwe na sehemu ya jina kamili, liandikwe kama familia inavyoliandika, na sehemu nyingine yenye swali moja: mwanafunzi huyu apangwe chini ya jina lipi? Karani ataandika jibu la mzazi. Kuuliza hivyo huchukua nusu dakika, na baada yake hakuna anayehitaji kukisia.

Kwa orodha za zamani ambazo hazikuulizwa swali hilo, zile hatua tano zitumike, kwa masharti matatu. Safu A yenye jina kamili isiguswe wala kufutwa, kwa kuwa ndiyo pekee iliyotoka kwa mwenye jina. Safu F ipewe kichwa cha "Neno la mwisho", wala si "Jina la ukoo", ili atakayeirithi orodha asidanganyike. Na cheti, barua au fomu ya mtihani isichapwe kutoka safu F. Ichapwe kutoka safu A. Safu F ni ya kupangia tu, na ikikosea, hasara itakuwa ya jina kukaa pasipo pake katika orodha, si ya mtoto kupewa jina lisilo lake.